Tovuti ya duka la vipuri: shilingi ngapi ni mali?

*Mwalimu, mimi ni mhasibu wa kampuni inayouza vipuri vya magari hapa Dar es Salaam. Mwaka 2025 tumetumia Sh. 61,100,000 bila VAT kwa tovuti ambayo mteja anaagiza na kulipa humo humo kwa simu. Ilianza kazi tarehe 1 Oktoba. Mkurugenzi anataka fedha yote iwe mali kwenye mizania, mkaguzi anasema yote ni gharama. Kijana wetu wa kompyuta naye alikaa na mafundi miezi minne, mshahara wake sijauhesabu. Tunafunga hesabu tarehe 31 Desemba, na mwezi Machi tunaongeza sehemu nyingine ya Sh. 9,300,000. Nifuate la nani? Orodha ya malipo nimeambatanisha.*

Ndugu mhasibu, ikiwa kampuni yenu inafuata viwango kamili vya kimataifa, yaani IFRS, basi usifuate la yeyote kati yao. Kwa orodha uliyonitumia, ukijumlisha na sehemu ya mshahara uliyoiacha nje, Sh. 40,800,000 zinaingia kwenye mali zisizoshikika, Sh. 22,500,000 ni gharama za mwaka 2025, na Sh. 1,800,000 ni malipo ya kabla ambayo yatageuka gharama mwaka 2026.

Neno "ikiwa" nimelitanguliza kwa makusudi, kwa sababu ndilo linaloweza kumpa mkaguzi wenu ushindi wote. Fungua taarifa zenu za fedha za mwaka jana, usome ule ufafanuzi wa mwanzo unaoeleza taarifa zimeandaliwa kwa msingi gani. Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa Julai 2004 kwa uamuzi wa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu nchini, na baadaye kampuni nyingi za ukubwa kama wenu zikahamia kwenye kiwango cha IFRS kwa kampuni ndogo na za kati, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2009. Kiwango hicho, katika sehemu yake ya 18, kinaagiza kwamba matumizi ya kutengeneza mali isiyoshikika ndani ya kampuni yahesabiwe gharama yote, ya utafiti na ya ujenzi pia. Wapo wanaojitetea kwamba tovuti iliyojengwa na mkandarasi wa nje ni mali iliyonunuliwa, siyo iliyotengenezwa ndani. Mimi siuamini utetezi huo kwa tovuti iliyoagizwa kwa mahitaji yenu, ikapimwa kwa mfumo wenu wa stoo na kujengwa huku mtu wenu ameketi pale pale, kwani kuajiri fundi hakuondoi ukweli kwamba nyumba mnajijengea wenyewe. Kwa hiyo, kama ufafanuzi wenu unataja kiwango cha kampuni ndogo, mkubalie mkaguzi. Yote yanayofuata hapa yanamhusu anayefuata viwango kamili.

Katika viwango kamili, mali zisizoshikika zinasimamiwa na IAS 38, na tovuti ina tafsiri yake ya pekee, SIC-32, iliyotolewa mwaka 2002 na ambayo bado inatumika. Tafsiri hiyo inaichukua tovuti ya kampuni kama mali iliyozaliwa ndani, kisha inaigawa kazi yake kwa hatua. Kwanza ni kupanga: kuchunguza kama wazo linafaa, kuandika tovuti ifanye nini, kulinganisha wakandarasi na kuchagua. Hatua hiyo inafananishwa na utafiti, na matumizi yake ni gharama siku yanapotokea. Kisha kuna ujenzi wenyewe, ambao una sehemu tatu, yaani kuandika programu na kuandaa miundombinu yake, kusanifu mwonekano, na kuandaa maudhui. Hapa ndipo mali inapozaliwa, ikitimiza masharti. Mwisho ni uendeshaji, unaoanza tovuti ikishakuwa tayari, na huko matunzo, marekebisho, nakala rudufu na ukaguzi wa usalama vyote ni gharama.

Masharti ya hatua ya ujenzi ni sita, na kwenu matano hayana ugomvi: kazi inawezekana kiufundi, mlikusudia kuimaliza, mnaweza kuitumia, mlikuwa na fedha na watu wa kuimaliza, na matumizi yake yanapimika. Sharti linaloangusha tovuti nyingi ni kuonyesha itakavyoingiza manufaa ya kiuchumi. SIC-32 iko wazi kabisa hapa. Tovuti iliyotengenezwa kwa ajili ya kutangaza tu bidhaa za kampuni, au hasa kwa ajili hiyo, haiwezi kuthibitisha manufaa hayo, na kila senti yake ni gharama hata kama imegharimu milioni mia moja. Tovuti yenye ukurasa wa "kuhusu sisi", picha za ghala, ramani ya ofisi na namba ya simu haivuki hapo. Yenu inavuka kwa sababu mteja anachagua kipuri, anaagiza na kulipa, na mauzo hayo yanaonekana kwenye rekodi zenu yakiwa yametoka humo. Hata hivyo, ushahidi anaoutaka mkaguzi ni ule wa wakati mnajenga, siyo wa baada ya kufanikiwa. Tafuta kumbukumbu za kikao kilichoidhinisha mradi na makisio ya mauzo yaliyowekwa mezani siku ile. Kama mkurugenzi aliidhinisha kwa mdomo, una kazi ngumu, na kuandika kumbukumbu leo kwa tarehe ya Mei ni kughushi. Utakachoweza kutumia ni vitu vilivyokuwapo tayari, kama vile mkataba, bajeti, barua pepe na ratiba ya malipo.

Sasa tuje kwenye orodha yako. Sh. 6,500,000 mlizomlipa mshauri mwezi Aprili na Mei kwa kuwahoji wateja, kuchunguza kama mauzo ya mtandaoni yanawezekana na kulinganisha zabuni za wakandarasi watatu ni upangaji mtupu. Mkurugenzi atakuambia kwamba bila mshauri huyo tovuti isingekuwapo, na ni kweli, lakini hicho sicho kipimo. Siku mshauri anafanya kazi hamkuwa na uhakika kama mtajenga, mtajenga nini, wala nani atajenga, na kiwango hakikubali mali itokane na jambo ambalo bado linaulizwa. Tena fedha hiyo, ikishahesabiwa gharama, hairudi kuwa mali hata mradi ukifanikiwa kupita matarajio. IAS 38 imelikataza hilo waziwazi, na kwa hiyo usikubali kuihamisha mwishoni mwa mwaka kwa sababu tu faida inaonekana ndogo.

Ankara ya mkandarasi ya Sh. 36,000,000 ndiyo yenye mazungumzo marefu. Wewe umeiandika kwa mstari mmoja, "Kutengeneza tovuti", lakini kiambatisho cha mkataba kina mistari mitatu: Sh. 4,000,000 za uchambuzi wa mahitaji, Sh. 25,000,000 za kuandika programu ya kuagiza, kulipa na kuunganisha na mfumo wa stoo, na Sh. 7,000,000 za usanifu wa kurasa. Mstari wa kwanza ni upangaji, ingawa ulifanyika Juni baada ya mkataba kusainiwa na ingawa umo ndani ya ankara ya ujenzi. Kinachoamua ni kazi iliyofanyika, wala siyo tarehe au jina la aliyelipwa. Wiki zile mbili ambazo watu wa mkandarasi walikaa dukani kuandika mteja atafuteje kipuri, bei ibadilike vipi, na agizo lililokosa mzigo lirudishweje, zilikuwa za kuamua tovuti iwe nini. Milioni nne hizo ni gharama. Zile 25 na 7 zinaingia kwenye mali.

Mstari huu mmoja unanigusa kwa sababu niliwahi kuumia nao. Miaka kadhaa nyuma nilifunga hesabu za kampuni moja iliyokuwa imejenga mfumo wa kuagiza bidhaa mtandaoni, na faili zima la mradi lilikuwa na ankara moja iliyoandikwa "Kazi ya tovuti, jumla", na chini yake kiasi. Hapakuwa na kiambatisho, mkataba ulikuwa kurasa mbili zisizotaja hatua, na mkandarasi tulipomwomba mchanganuo alituletea asilimia alizozipiga kichwani, ambazo zilibadilika tulipomuuliza mara ya pili. IAS 38 inasema kwamba kampuni isipoweza kutenganisha utafiti na ujenzi, yote yachukuliwe kama utafiti. Tulilazimika kuhesabu gharama ankara nzima, na mali ambayo kweli ilikuwapo na ikifanya kazi haikuonekana kwenye mizania hata kidogo. Tangu hapo, kila mteja anayeniambia anataka kujenga tovuti, namtaka aandike hatua ndani ya mkataba kabla ya kusaini, kila hatua na bei yake na hati yake ya makabidhiano. Ninyi mmebahatika kuwa na kiambatisho. Kiweke kwenye faili pamoja na hati za makabidhiano, kwa sababu mkaguzi atataka kuona kwamba mistari ile ilifuatwa kwenye kazi, haikuandikwa kupamba mkataba.

Ukiwa bado kwenye ankara hiyo, hakikisha umeiandika kwa kiasi sahihi. Kwenye leja yako nimeona Sh. 40,680,000, na najua zilikotoka. Ankara ni Sh. 36,000,000, VAT ya asilimia 18 ni Sh. 6,480,000, jumla Sh. 42,480,000, mkazuia kodi ya zuio ya asilimia 5 ya huduma, yaani Sh. 1,800,000, na benki ikatoa Sh. 40,680,000. Namba ya benki haina maana yoyote kama gharama ya mali. VAT mnayodai TRA haimo kwenye gharama, kwa kuwa mtairudishiwa kupitia ritani zenu, na kodi ya zuio haipunguzi gharama, kwa kuwa ni sehemu ya malipo ya mkandarasi mliyompelekea TRA kwa niaba yake. Gharama ni Sh. 36,000,000. Mambo yangekuwa tofauti kama mngekubali kuibeba kodi ya zuio wenyewe ili mkandarasi apokee kiasi chake chote. Hapo kodi hiyo ingekuwa sehemu ya mlicholipa.

Picha za vipuri ndizo zitakazokushangaza zaidi, na nakuomba uzisome mara mbili. Mlimlipa mpigapicha Sh. 5,400,000 kwa bidhaa 1,800, shilingi 3,000 kila moja, na umeziweka kwenye mali kwa hoja kwamba ni maudhui, na maudhui ni sehemu ya ujenzi. Hoja inaelekea kuwa nzuri, lakini SIC-32 imezitaja picha za bidhaa za kampuni yenyewe kama mfano wa maudhui ya kutangaza na kukuza mauzo, na maudhui ya aina hiyo ni gharama. Haiishii hapo: inaeleza hata wakati wa kuzihesabu. Gharama inatambuliwa mpigapicha anapotoa huduma, siyo siku picha zinapopandishwa mtandaoni. Kama angekuwa amezipiga Novemba na Desemba, tovuti ikafunguliwa Februari, bado zingekuwa gharama za mwaka ule wa kwanza. Wahasibu wengi huteleza hapa kwa sababu picha zinaonekana kama kitu, zinakaa kwenye seva, zitatumika miaka. Lakini kazi yake ni kumvutia mtu anunue pedi za breki, na kiwango kinaziweka kundi moja na matangazo mengine yote.

Linganisha picha hizo na Sh. 4,800,000 mlizolipa kuandaa lile jedwali la kulinganisha vipuri na magari. Nililifungua mwenyewe kwenye tovuti yenu nilipokuwa nasoma barua yako: nikachagua aina ya gari, mwaka na injini, na ukurasa ukanitolea vichungi vya mafuta vinavyoingia kwenye gari hilo tu, kila kimoja na namba ya kiwanda na idadi iliyopo stoo. Maudhui haya hayatangazi chochote. Ni sehemu ya mashine. Yaondoe, mteja hawezi kuagiza, kwa sababu hatajua kipi kinaingia. Kwa hiyo naona yanastahili kuwa mali, kama matumizi yaliyohusika moja kwa moja na yaliyohitajika kuifanya tovuti iweze kufanya kazi iliyokusudiwa. Mkaguzi anaweza kubishana nawe hapa, na ana haki, kwani mpaka kati ya maudhui ya kuendeshea na maudhui ya kutangazia hauchorwi kwa rula. Mwonyeshe jinsi jedwali linavyotumika hatua kwa hatua kwenye agizo moja, na nadhani mtaelewana. Kumbuka tu kwamba kuongeza magari mapya kwenye jedwali kila mwezi baada ya 1 Oktoba ni uendeshaji, na malipo yake ni gharama.

Kuhusu kijana wenu wa kompyuta, hukupaswa kumwacha nje. IAS 38 inaruhusu, tena inaagiza, kwamba malipo ya wafanyakazi waliohusika moja kwa moja na ujenzi yawe sehemu ya gharama ya mali. Kampuni inamgharimu Sh. 2,000,000 kwa mwezi, mshahara na mchango wa mwajiri NSSF kwa pamoja, na karatasi zake za saa za Juni hadi Septemba zinaonyesha kwamba nusu ya muda wake aliutumia kuunganisha tovuti na mfumo wa stoo na kuijaribu. Nilizipitia kutafuta siku alizokaa na mkandarasi kwenye uchambuzi wa mahitaji, maana siku hizo zingekuwa za upangaji, na sikuona hata moja: kazi yake ya tovuti ilianza baada ya hapo. Nusu ya miezi minne ni Sh. 4,000,000, na hizo zinaingia. Nusu nyingine alikuwa anatengeneza printa na kompyuta za ofisi, hivyo ibaki kwenye mishahara kama kawaida. Kama zisingekuwapo karatasi za saa, ningekushauri uache yote kwenye mishahara. Makadirio ya "kama nusu hivi" yanayotolewa Desemba hayana nguvu mbele ya mkaguzi, na hayapaswi kuwa nayo. Kwa sababu hiyohiyo usiongeze sehemu ya mshahara wa mkurugenzi, kodi ya pango wala umeme, kwa kuwa gharama za jumla za utawala haziingii kwenye mali hii.

Yaliyobaki hayana mjadala mkubwa. Sh. 1,500,000 za kuwafundisha wauzaji kutumia mfumo ni gharama, kwani mafunzo ya wafanyakazi yametajwa kwa jina kati ya yasiyoruhusiwa. Sh. 3,000,000 za matangazo ya uzinduzi kwenye mitandao ya kijamii ni gharama. Sh. 1,500,000 za matunzo ya Oktoba, Novemba na Desemba, shilingi laki tano kwa mwezi, ni gharama. Sh. 2,400,000 za kupangisha nafasi kwenye seva kwa mwaka mmoja kuanzia 1 Oktoba ni huduma inayopokelewa mwezi hadi mwezi: miezi mitatu, Sh. 600,000, ni gharama ya 2025, na Sh. 1,800,000 zinakaa kama malipo ya kabla. Ukijumlisha sasa, mali ni 25,000,000 na 7,000,000 na 4,800,000 na 4,000,000, ambazo ni Sh. 40,800,000.

Kuna swali moja hujaniuliza, nami nakuuliza wewe: siku mkiachana na mkandarasi na kampuni ya seva, mtaondoka na nini mkononi? Mali ni kitu mnachokitawala. Nimesoma kifungu cha mkataba wenu kinachosema programu yote iliyoandikwa kwa ajili yenu ni mali yenu na mtakabidhiwa, na nimeona hati ya makabidhiano ya Septemba. Hiyo inatosha. Ila kampuni nyingi siku hizi hazijengi hivyo. Zinakodi jukwaa la duka la mtandaoni kwa malipo ya kila mwezi, kisha zinamlipa fundi alipange, aweke rangi zao na kurekebisha mipangilio. Kamati ya Tafsiri za IFRS ililiangalia jambo hilo na kutoa uamuzi Aprili 2021: mara nyingi malipo ya kupanga au kurekebisha programu ya kukodi ambayo inabaki chini ya utawala wa mwenye jukwaa hayazai mali kwa mteja, na hivyo ni gharama. Ni pale tu fundi anapoandika programu ya ziada inayosimama peke yake, ambayo mteja anaitawala na kuweza kuwazuia wengine wasifaidike nayo, ndipo mali inapoweza kuwapo. Nakuandikia hili kwa sababu ukiombwa ushauri na mwenzako, mfano wa kwenu unaweza kumpotosha kabisa kama yeye amekodi.

Kupunguza thamani ya mali hii kunaanza siku inapokuwa tayari kutumika, ambayo ni 1 Oktoba 2025, na siyo siku ya malipo ya mwisho kwa mkandarasi. SIC-32 inasema muda wa matumizi ya tovuti uwe mfupi. Ninyi mmependekeza miaka mitano. Mimi naona mitatu inaelezeka vizuri zaidi, kwa sababu mkataba wenu wa msaada wa programu unaisha baada ya miaka mitatu na mkandarasi mwenyewe ameandika kwamba toleo alilotumia halitaendelezwa zaidi ya hapo. Thamani ya mwisho chukulia ni sifuri, maana hakuna soko la kuuzia tovuti ya kuagizia vipuri vyenu. Sh. 40,800,000 kwa miaka mitatu ni Sh. 13,600,000 kwa mwaka, na kwa miezi mitatu ya 2025 ni Sh. 3,400,000. Kwa hiyo mizania ya 31 Desemba itaonyesha Sh. 37,400,000. Kila mwisho wa mwaka jiulizeni upya kama miaka iliyobaki bado ni sahihi, na kama mauzo ya mtandaoni yamedorora, pimeni kama thamani hiyo inaweza kurudi.

Usisahau taarifa ya mtiririko wa fedha, ambako kosa la kwanza hurudiwa mara ya pili. Ni malipo yaliyozaa mali kwenye mizania pekee yanayoweza kuwekwa chini ya shughuli za uwekezaji. Ya mshauri, mpigapicha, mafunzo na matangazo yanabaki kwenye shughuli za uendeshaji, hata kama kwenye bajeti yenu yote yaliitwa "mradi wa tovuti". Kwenye hesabu ya kodi, fuata Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, ambayo ina daraja lake la mali zisizoshikika katika Jedwali la Tatu. Usiichukue namba ya kodi ukaibandika kwenye mizania, wala usifanye kinyume chake.

Sasa zile Sh. 9,300,000 za Machi 2026. Kiwango kinaanza na mashaka juu ya matumizi ya baadaye, kwa sababu mengi yanaitunza mali iliyopo tu, hayaongezi kitu. Kubadilisha rangi, kuziba mianya ya usalama, kuhamia toleo jipya la programu, kuharakisha kurasa zinazochelewa kufunguka, kurekebisha kasoro ya malipo yanayokwama: yote haya ni gharama, hata mwezi mmoja ukila milioni tano. Lakini ninyi mnaongeza sehemu ya wenye gereji, ambao wataagiza kwa mkopo wa siku 30 na kuona madeni yao humo humo, kazi ambayo tovuti ya sasa haiwezi kuifanya na wateja ambao haiwahudumii. Hiyo inaweza kuwa mali kwa masharti yaleyale sita, ikiwa ina mpango wake, makisio yake na bei iliyotenganishwa. Mtake mkandarasi aondoe uchambuzi wa mahitaji kwenye hizo 9,300,000 kama umo, na uutambue kama gharama. Ikiwa kiasi chote ni cha kujenga, na sehemu hiyo ikawa tayari 1 Machi, usiipe miaka mitatu yake yenyewe, kwa kuwa haiwezi kuishi bila tovuti inayoibeba. Tovuti inamaliza muda wake 30 Septemba 2028, na kutoka 1 Machi 2026 hadi hapo ni miezi 31. Ni Sh. 300,000 kwa mwezi.

Na siku mtakapoijenga tovuti upya, kiasi kitakachokuwa kimebaki cha hii ya sasa kitatoka chote kwenye mizania siku inapoacha kutumika na kwenda kwenye hesabu ya faida na hasara. Tovuti mpya haiirithi. Andika hilo kwenye faili la mradi sasa hivi, ukurasa wa mbele, kwa ajili ya mhasibu atakayekaa kwenye kiti chako wakati huo.